Kikomo cha pesa ya kubeti na kurudisha imani ya mwenzi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nilibeti mpira kwa miaka 6, na miaka 4 kati ya hiyo nilimficha mke wangu. Maswali yaliyo hapa chini ndiyo ninayoulizwa zaidi na watu waliopita au wanaopita njia ile ile, wanaobeti na wale wanaoishi nao. Kwenye mahesabu natumia namba tupu bila sarafu: nikisema mapato ya nyumba ni 1,000 kwa mwezi, weka hapo mapato yenu halisi na hesabu itafuata yenyewe.

Nitajuaje nimepoteza kiasi gani hasa?

Usiulize kumbukumbu yako, itakudanganya. Ushindi unaingia kichwani na kelele zake zote, dakika ya bao, nani alikuwa pembeni, nani ulimpigia simu. Dau dogo lililoliwa Jumanne usiku halina kelele, na hayo ndiyo mengi.

Chukua taarifa ya miamala ya miezi 6 kutoka benki na kutoka akaunti ya pesa ya simu. Historia iliyo ndani ya akaunti ya kubeti peke yake haitoshi, kwa sababu mbili. Kwanza, wengi wetu tuna akaunti zaidi ya moja. Pili, kule ndani bonasi na ushindi uliorudishwa kwenye dau jingine vinaonekana kama pesa yako, ilhali havikuwahi kufika mfukoni. Wewe hesabu vitu viwili tu: pesa iliyotoka kwako kwenda kwenye kampuni za kubeti, na pesa iliyorudi kwako kweli. Tofauti yake ndiyo hasara.

Mimi nilikaa mezani na kalamu mbili. Nyekundu ilikuwa ya pesa inayotoka, ya bluu ya pesa inayorudi. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na mistari 23 myekundu na miwili ya bluu. Kabla sijaanza, ungeniuliza ningekuapia kwamba napoteza kama 30 kwa mwezi. Jumla ilipotoka, nilikuta nimetuma 912 katika miezi 6 na kurudishiwa 318. Hasara ilikuwa 594, yaani 99 kila mwezi, kwenye nyumba ambayo mapato ya wawili wetu ni 1,000. Karibu sehemu moja ya kumi ya jasho letu. Na ile 318 karibu yote ilitoka kwenye mikeka mitatu tu, ile ile mitatu niliyokuwa nikiisimulia kwa watu.

Kikomo kiwe kiasi gani?

Kwanza jibu hili: je, una deni lililotokana na kubeti, au kuna kodi ya nyumba, ada au bili iliyochelewa? Kama ndiyo, kikomo chako ni sifuri mpaka vimalizike. Pesa ya burudani hutoka kwenye kile kinachobaki baada ya mambo ya lazima, na kama hakuna kilichobaki, hakuna pesa ya burudani.

Kama huna deni, kipimo ninachokiamini ni kile cha mwongozo wa kupunguza madhara ya kamari uliotolewa Kanada mwaka 2021. Unasema mtu asitumie zaidi ya asilimia 1 ya mapato ya nyumba kwa mwezi kabla ya kukatwa kodi ya serikali, asicheze zaidi ya siku 4 kwa mwezi, na asiwe mchezaji wa kawaida wa zaidi ya aina 2 za kamari. Masharti hayo huenda pamoja. Kutumia asilimia 1 lakini kubeti kila siku bado kunakuacha kichwa chako kikiwa kwenye mechi mwezi mzima, na hapo mwenzi wako anaishi na mwili wako tu.

Kwa nyumba ya 1,000, asilimia 1 ni 10. Watu wengi wakiona namba hiyo hucheka na kusema haitoshi hata kwa wikiendi moja. Ikikujia hisia hiyo, itazame vizuri, kwa sababu inakueleza jambo kuhusu umefika wapi. Mwongozo ule unaita asilimia 1 kiwango cha juu, kwa hiyo chini yake ni ruhusa kabisa. Mimi nilipoanza upya nilianza na 5.

Tena, kikomo kihesabiwe kwa mwezi. Ukiweka 10 kwa siku kwenye akaunti ukadhani umejifunga, umejiruhusu kupoteza 300 kwa mwezi.

Nikishinda, naruhusiwa kuichezea ile pesa niliyoshinda?

Hapana, na hapa ndipo vikomo vingi hufia. Mtu anaweka 10, anashinda 40, halafu anajiambia kwamba hii 40 ni pesa ya kampuni. Si ya kampuni. Ikishaingia kwenye salio lako ni yako, sawa na mshahara. Ukiirudisha yote ikaliwa, umepoteza 40, hata kama hasira zitakuambia umepoteza 10.

Kanuni tunayotumia nyumbani ni hii: pesa ikishatumwa kubetiwa, inaandikwa kwenye daftari kama imetumika, sawa na tiketi ya uwanjani. Hairudi. Ikitokea ushindi, unatolewa siku hiyo hiyo na kuingia kwenye akaunti ya nyumba, na kikomo cha mwezi kinabaki pale pale. Unapoomba kutoa, angalia kama kampuni inakuachia kitufe cha kughairi ombi kabla halijakamilika. Mimi kitufe hicho kilinirudisha mara nyingi sana: pesa iko njiani, saa mbili usiku kuna mechi, unaighairi, na asubuhi salio ni sifuri. Ukishaomba kutoa, funga programu na uiondoe kwenye simu mpaka pesa ifike.

Kwa nini mnasema mkeka wa timu nyingi ni mbaya kuliko dau la mechi moja? Si dau ni dogo?

Dau ni dogo lakini makato ni makubwa, ila yamejificha. Chukua tukio lenye pande mbili zenye nafasi sawa, kama kurusha sarafu. Odi, yaani namba inayozidishwa na dau lako ukishinda, kwa haki ingekuwa 2.00 kila upande. Kampuni inakupa 1.90. Maana yake kwa kila 100 unazobeti, ukicheza muda mrefu, zinarudi 95. Hayo ndiyo makato yao, na kwa mechi moja ni 5.

Sasa unganisha matukio matano ya namna hiyo kwenye mkeka mmoja. Odi zinazidishana, inatoka kama 24.76, na macho yanang'aa. Lakini nafasi ya kupatia yote matano ni 1 kati ya 32. Malipo ya haki yangekuwa 32, wewe unapewa 24.76. Kwa kila 100 zinarudi kama 77. Makato yamepanda kutoka 5 hadi 23, kwa sababu kila timu unayoongeza inaleta makato yake. Ukifika timu kumi, zinarudi kama 60.

Nilipopata ujasiri wa kujumlisha madau yangu yote ya miezi ile 6, pamoja na ushindi niliourudisha, yalifika kama 2,900. Hasara ya 594 ni kama asilimia 20 yake. Sikuwa na mkosi wala sikurogwa. Nilikuwa nalipa bei ya kawaida ya mikeka ya timu nne, tano.

Kuna jambo la pili ambalo ni baya zaidi kwa mtu mwenye kikomo. Mkeka wa timu tano ukichanwa na timu moja, moyo unasema ulikaribia. Hukukaribia chochote: mkeka wa nne kati ya tano unalipa sawa na wa sifuri kati ya tano. Lakini hisia ile ya kukaribia ndiyo inayokurudisha kutuma dau jingine dakika kumi baadaye. Kwa hiyo kama unabaki kubeti ndani ya kikomo, cheza mechi moja moja, kabla mechi haijaanza, na uachane na beti za mechi inayoendelea, ambazo zinakupa nafasi ya kutuma pesa mara ishirini ndani ya dakika tisini.

Nimeweka kikomo mara tatu na kimevunjika mara tatu. Nini kinatokea?

Karibu kila mara ni kukimbiza hasara. Kikomo kimeisha saa kumi jioni, kuna mechi mbili za usiku, na akili inafanya hesabu moja tu: dau gani litanirudishia kilichopotea? Si dau gani zuri. Wengine huongeza maradufu kila wakipoteza, wakiamini lazima siku moja ushindi uje. Ukianza na 1, ukapoteza mara saba mfululizo, umeshatoa 1, 2, 4, 8, 16, 32 na 64, jumla 127, na dau la nane ni 128. Na hata dau hilo la nane likishinda kwa odi ya 1.90, bado unabaki na hasara ya karibu 12. Kupoteza mara saba mfululizo si ajabu kwa mtu anayebeti kila wikiendi.

Kikomo kinachoishi kichwani hakiwezi kushinda saa ile ya jioni. Kiweke nje ya kichwa. Kwenye akaunti ya kubeti tafuta mpangilio wa kikomo cha kuweka pesa, uchague cha mwezi, na uandike namba yako. Mara nyingi kukishusha hufanya kazi papo hapo, na kukipandisha kunakungojesha saa kadhaa au siku. Hiyo subira ndiyo dawa yenyewe. Kisha futa kadi iliyohifadhiwa, funga akaunti nyingine zote (kikomo cha kampuni moja hakijui kitu kuhusu kampuni ya pili), na uzime jumbe za bonasi. Bonasi nyingi zinakudai ubeti kiasi hicho mara kadhaa kabla ya kuruhusiwa kutoa, kwa hiyo zinakuvuta kupita kikomo kwa masharti yaliyoandikwa.

Pesa ya mwezi iwe kwenye laini au akaunti yake ndogo, peke yake. Ikiisha, njia ya kuongeza iwe ndefu na ipite mbele ya macho ya mtu mwingine.

Je, kuna mtu ambaye kikomo hakimfai kabisa?

Wapo wengi, na ni heri kulisema wazi kuliko kumpa mtu kikomo kama kamba ya kujinyongea. Mwongozo wa magonjwa ya akili wa Marekani, toleo la tano la mwaka 2013, uliuweka uraibu wa kamari kundi moja na ule wa pombe na dawa za kulevya. Unataja dalili 9, na mtu mwenye 4 au zaidi ndani ya miezi 12 anahesabiwa kuwa mgonjwa. Miongoni mwake ni hizi: kuhitaji dau kubwa zaidi ili usikie msisimko ule ule, kujaribu kuacha na kushindwa mara kwa mara, kurudi kesho yake kukimbiza hasara, kudanganya ili kuficha, na kutegemea watu wakutoe kwenye shida ya pesa uliyojiletea.

Ukijiona humo, kikomo chako ni sifuri, na msaada ni mshauri wa uraibu au kikundi cha walioacha kamari. Omba kujifungia akaunti kwa kila kampuni, kwa muda mrefu kadiri inavyowezekana. Na kama madeni yamekufikisha kuwaza kujitoa uhai, mwambie mtu leo hii, mwenzi, ndugu au daktari, kabla ya kushughulika na hesabu yoyote. Deni linalipika kwa miaka. Watu wako wanakuhitaji wewe.

Mke wangu amegundua sehemu tu ya hasara. Nimwambie yote, au nipunguze kwanza halafu nimwambie?

Mwambie yote, kwa siku moja, na karatasi mkononi. Najua unachowaza, kwa sababu nilikiwaza: nikimwambia nusu, nitafidia nusu nyingine kimya kimya. Nilikiri deni la mkopo wa simu la 140. Nikaficha 60 za mfanyakazi mwenzangu. Wiki tatu baadaye yule bwana alipiga simu nikiwa bafuni, na mke wangu akapokea. Nilipotoka alikuwa amekaa kitandani, simu ameiweka kifudifudi. Akasema, "Baba watoto, zile 140 nilikuwa nimeshakusamehe." Hakusema zaidi.

Zile 60 zilituumiza kuliko zile 140. Kila ukweli unaotoka kwa mafungu unafuta ule uliotangulia, maana mwenzi anajifunza kwamba hata ukikiri bado unaficha. Kwa hiyo andaa: taarifa za miezi 6, jina la kila unayemdai na anayekudai, kiasi, riba, na tarehe. Andika pia vitu ulivyouza au kuweka rehani. Chagua wakati ambao watoto hawapo na hakuna anayetoka mbio. Usianze na ahadi, ahadi amezisikia. Anza na namba, halafu nyamaza na umwache aulize. Akilia au akiondoka chumbani, usimfuate na maelezo ya mechi.

Nimpe nywila zangu zote? Najisikia kama mtoto.

Kwa muda, ndiyo, mpe nafasi ya kuona miamala. Aone akitaka, bila kukuomba. Lakini msimgeuze kuwa askari, kwa sababu kazi ya ulinzi itamchosha na utaanza kumchukia kwa kuifanya vizuri. Njia iliyotufaa ilikuwa kikao cha dakika 15 kila Jumapili jioni. Mimi ndiye ninayeleta taarifa, mimi ndiye ninayeisoma kwa sauti: kilichotoka, kilichorudi, deni lililobaki. Yeye anasikiliza na kuuliza. Nje ya kikao hicho tulikubaliana tusizungumzie kubeti, isipokuwa kumetokea jambo. Hapo ndipo alipopata usingizi, kwa maneno yake mwenyewe: alijua kuna siku ya kuuliza, kwa hiyo siku nyingine hakulazimika kuchunguza.

Jambo kubwa ni kwamba uoneshe kabla hujaombwa. Taarifa ile ile, ikiletwa na wewe inajenga, ikidaiwa na yeye haijengi kitu.

Mimi ndiye mwenzi. Nimlipie deni ili tuanze upya?

Usilipe kwa haraka, na usimpe pesa mkononi. Deni likifutwa ghafla, yeye anasikia nafuu, na nafuu hiyo inafanana sana na kushinda. Mkiamua kusaidiana, lipeni mdai moja kwa moja, kwa mpango wa miezi, na sehemu kubwa itoke kwenye pesa iliyokuwa ikipotelea kwenye beti. Sisi tulikuwa na deni la 200 kwa jumla. Tulilipa 50 kwa mwezi kwa miezi 4, na miezi hiyo yote sikubeti hata mara moja. Kwa kuwa zamani ilikuwa ikitoka 99, nyumba haikuumia, hata ilianza kubakiwa na akiba.

Usikubali kudhamini mkopo mpya wa kufunga mikopo ya zamani kabla hujaona orodha kamili. Na weka mshahara wako kwenye akaunti yako, bila kuona haya. Hujamwacha kwa kufanya hivyo.

Nimevunja kikomo mara moja tu, na kwa kiasi kidogo. Lazima niseme?

Sema ndani ya saa 24, kabla hajakiona mwenyewe. Mwezi wa 7 wa mpango wetu nilipitiliza kwa 3. Nilikaa na hiyo siri asubuhi nzima, nikijiambia ni 3 tu. Mchana nikampigia, nikasema, "Nimepitiliza, ni 3, ilikuwa jana usiku baada ya mechi ya pili." Alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza kama kuna nyingine. Nikamtumia picha ya taarifa hapo hapo. Mwezi uliofuata kikomo kilikuwa sifuri, kama tulivyoandika tangu mwanzo: ukipita, mwezi unaofuata unakaa nje. Andikeni adhabu hiyo mkiwa mmetulia, isije ikabuniwa kwa hasira. Ukipita mara mbili ndani ya miezi mitatu, acheni habari ya kikomo na mwende kwenye sifuri ya kudumu.

Itachukua muda gani aniamini tena?

Mrefu kuliko muda wa kulipa deni. Deni letu liliisha miezi 4, lakini kwa karibu mwaka mzima mke wangu aliangalia uso wangu kila simu ilipolia. Sikuwa na haki ya kumwambia aharakishe. Nilijua mambo yanabadilika kwa ishara ndogo: Jumapili moja nilileta daftari kama kawaida, nikaanza kusoma, akaniambia niliache mezani atalitazama kesho. Kesho yake lilikuwa pale pale, halijafunguliwa.

Na akiuliza swali lile lile kila wiki, "Umebeti?", nijibu mpaka lini?

Kila linapoulizwa, kwa sauti ya kawaida, na taarifa ikiwa tayari. Kulijibu kunachukua sekunde tano.